Kutoka Mashuka Hamsini na Nane Hadi Kumi na Tisa

Wifi yangu amefua nguo za hospitali kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akijisifia kitu. Ukimwambia chakula chake kitamu, atakwambia chumvi imezidi. Ukimwambia nguo imempendeza, atakuonyesha palipochanika. Watu wa namna hii ni wazuri kuishi nao, ila kuwaandikia wasifu ni adhabu, na mimi kuandikia watu wasifu ndiko kunakoniweka mjini.

Nina steshenari karibu na geti la nyuma la hospitali. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili na printa inayomeza karatasi kila ikijisikia. Pana feni pia, inayozunguka bila kuleta upepo. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba ruhusa, nachapa mialiko, na zaidi ya yote nachapa CV. Nimechapa CV za walinzi, wapishi, madereva, na wahasibu waliokuja wakiwa wamekunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza kazi. Baada ya miaka kumi na mmoja sikuwa nasoma tena ninachokichapa. Faili ilikuwa ipo. Nabadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, nabonyeza, inatoka. Sioni aibu kulisema, maana hata wao hawakuwa wakiisoma.

Basi hospitali ikaamua kwamba kazi ya dobi itolewe kwa kampuni ya nje. Watu wa dobi walikuwa kumi na wanne. Kampuni ikasema itachukua sita, na kila anayetaka kubaki alete wasifu wake wa kurasa mbili, wausome, kisha wamwite kwa mahojiano. Wifi alinipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni na kapu la sokoni, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia vitunguu vimepanda bei. Ana miaka hamsini na mmoja. Kaka yangu aliumia mgongo kazini na sasa anashinda kitini, anasikiliza redio na kugombana na watangazaji. Mshahara wa wifi ndio unaoendesha ile nyumba, hakuna mwingine. Kwa umri wake, akitoka pale hapati kwingine, na hilo tulilijua wote wawili bila kuambiana.

Kati ya wale kumi na wanne, kumi na mmoja walikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu. Nikawachapia. Kila mmoja alipata mistari ile ile: kufua na kupiga pasi nguo za wodi, kupokea na kugawa mashuka, kutunza mashine na vifaa vya kazi, kufanya kazi nyingine yoyote nitakayopangiwa na mkuu wangu. Huu mstari wa mwisho niliupenda sana. Unajaza ukurasa na haumdhuru mtu.

Jumatatu iliyofuata CV zote zikarudi, zimefungwa kwa mpira mmoja. Afisa wa kampuni, kijana mwenye tai anayetembea na kompyuta mpakato kwapani, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya ile ya kwanza: "Hizi ni kazi mlizopangiwa. Nataka kujua mlifanikisha nini. Wekeni matokeo yanayopimika. Mwisho Alhamisi saa sita." Walioniletea walinitazama kama vile nimewauzia maziwa yaliyoharibika. Mmoja aliuliza, kwa upole wa kuudhi, kama pesa yake inarudishwa.

Niliumia. Kitu kimoja ni kujua kwamba unafanya kazi ya ovyo, kingine ni kuandikiwa hivyo kwa wino mwekundu. Usiku ule nikakaa na simu yangu nikasoma jinsi wasifu unavyoandikwa siku hizi, na kesho yake nikafungua duka nikijiona mtaalamu. Nilikuwa nimeelewa kwamba mstari unaanza na kitendo, siyo "kufua" bali "nilipunguza", "nilianzisha", "niliongeza". Halafu unaweka namba. Sehemu ya kati, ile inayouliza namba imetoka wapi, niliipita haraka, kama mtu anayeruka ukurasa wa masharti.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Jumanne asubuhi walikuja saba kwa mkupuo. Nikamuuliza wa kwanza, wewe umeongeza nini kazini? Akakuna kichwa. Nikamuuliza, kazi yako siku hizi si ni bora kuliko zamani? Akasema ni bora. Bora kwa kiasi gani, kama asilimia thelathini hivi? Akasema, eh, hiyo hiyo. Nikaandika: "Niliongeza ufanisi wa dobi kwa asilimia thelathini." Ikakaa vizuri sana kwenye karatasi. Wa pili naye alikuna kichwa, na mimi nilikuwa na foleni. Kufikia saa nne watu saba wa dobi moja walikuwa kila mmoja ameongeza ufanisi kwa asilimia thelathini, na kama ingekuwa kweli, mashuka yale yangekuwa yanajifua yenyewe.

Wa saba alikuwa mama mmoja ambaye wenzake humwita Kimya. Jina linamfaa. Ni mwembamba, ana mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na maneno anayosema kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Nilipomsomea mstari wake wa asilimia thelathini alinitazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga, akalipa, akaondoka. Nikadhani ameridhika.

Wifi alikuja mchana baada ya zamu, mikono ikinuka sabuni ya hospitali, ile kali isiyotoka hata ukioga mara mbili. Akavuta kiti cha wateja, akavua viatu. Miguu yake huwa imevimba muda huo. Nikamgeuzia skrini asome nilichomwandalia. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaniuliza swali ambalo mimi nilipaswa kujiuliza tangu asubuhi.

"Nani alipima?"

Nikamwambia hakuna anayepima, ni namna ya kuandika tu, kila mtu anafanya hivyo. Akauliza, na yule kijana akiniuliza thelathini ya nini, nimjibu nini? Akasema nifute. Nikafuta, na nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kwamba asipoandika kitu atabaki na kapu lake la sokoni, na kwamba unyenyekevu haulipi kodi ya nyumba. Yeye akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba hana cha kuandika. Amefua, basi. Miaka ishirini na mbili amefua.

Sikutaka kumrudisha nyumbani mikono mitupu, kaka yangu angenimaliza. Basi nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikaacha kumuuliza amefanikisha nini, maana neno hilo lilikuwa linamfunga mdomo. Nikamuuliza: kuna kitu gani pale dobi kilikuwa kinasumbua zamani na sasa hakisumbui?

Akasema, kupekuliwa getini.

Nikamwambia anieleze. Akasema miaka minne iliyopita mashuka yalikuwa yanapotea, na lawama zote zilikuwa juu ya watu wa dobi. Kila jioni walipotoka, mlinzi alikuwa akifungua mikoba yao mbele za watu, wagonjwa wakiwatazama, madaktari wakipita. Yeye aliogopa kuliko wenzake kwa sababu ndiye aliyekuwa akipokea mzigo kutoka wodini. Akanunua daftari kwa pesa yake. Kila Ijumaa akawa anazunguka wodi tano, anahesabu mashuka yaliyo vitandani, yaliyo kabatini na yaliyo dobi, anaandika. Akagundua kwamba mengi hayakuibiwa. Yalikuwa yanatoka wodi ya wazazi yanarudi wodi ya upasuaji, na kule yanafichwa kabatini kwa sababu kila muuguzi anaogopa kupungukiwa. Yaliyochakaa yalikuwa yanachanwa kuwa matambara bila mtu kuandika.

"Kimya ndiye aliyesema tuyashonee uzi," akaendelea. "Wodi ya watoto uzi wa njano, wazazi mwekundu, hivyo hivyo. Kila shuka kwenye pindo. Tulishona wiki tatu, saa za kupumzika. Baada ya hapo shuka likipotea njia linajulikana kwao ni wapi."

Nilimuuliza kama daftari lipo. Lipo, akasema, yapo matatu, yako chini ya kitanda. Nikamtuma akayalete, miguu ile ile iliyovimba, na najua nilikuwa mkatili. Alirudi nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipofungua nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwanamke huyu aliyeniambia hana cha kuandika alikuwa na kila Ijumaa ya miaka minne, kwa mwandiko wa duara, na mistari iliyopigwa kwa rula.

Tukahesabu pamoja. Katika miezi sita ya kwanza, kabla ya nyuzi, mashuka hamsini na nane hayakuonekana. Miezi sita kama hiyo ya mwaka uliofuata, kumi na tisa. Nikachukua kikokotoo: pungufu ya asilimia sitini na saba. Nikamwonyesha. Alikitazama kile kikokotoo kana kwamba kimemtukana.

"Hayo si mafanikio, wifi," akasema. "Huo ni woga. Nilikuwa najikinga."

Nikamwambia kampuni haiulizi alikuwa anajisikiaje, inauliza mashuka yalipotea mangapi. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, cha pili kikatoka chenyewe. Kwenye daftari la tatu kulikuwa na vijiti vijiti pembeni ya kurasa. Nilipouliza, akasema ni mashuka yenye damu yaliyobidi kurudiwa. Zamani yalikuwa yanatupwa moja kwa moja kwenye maji ya moto, na moto huigandisha damu, doa halitoki tena. Yeye alianza kuyatenga na kuyaloweka kwanza maji baridi, halafu ndiyo yaende mashine ya moto. Kila mashuka mia mbili yenye damu, arobaini yalikuwa yanarudiwa. Sasa ni kumi na sita.

Kwa hiyo tukaandika. Nitauweka hapa mstari wa kwanza jinsi tulivyoanza nao: "Nilipunguza upotevu wa mashuka kwa asilimia 67 kwa kuweka alama za nyuzi." Ulikuwa mfupi na unavutia. Wifi akaukataa. Akasema nyuzi si wazo lake. Nikamweleza kwamba Kimya naye anaomba nafasi zile zile sita, kwamba akimpa sifa mwenzake anajikata mwenyewe, kwamba hakuna atakayejua. Nilieleza vizuri, kwa hoja tatu au nne. Akanisikiliza mpaka nikachoka.

Tuliouchapa mwishowe ulikuwa huu: "Nilianzisha hesabu ya mashuka ya kila Ijumaa katika wodi tano na kusimamia alama za nyuzi zilizobuniwa na mwenzangu, mashuka yaliyopotea katika miezi sita yalishuka kutoka 58 hadi 19." Chini yake: "Nilibadilisha ulowekaji wa mashuka yenye damu ili uanze na maji baridi, yanayorudiwa kufuliwa yalipungua kutoka 40 hadi 16 katika kila mashuka 200." Wa tatu ulikuwa wa gauni za upasuaji, ambao haukuwa na namba ya kabla, ila alijua kwa hakika kwamba zilikuwa tayari kabla ya saa moja asubuhi kila siku ya upasuaji kwa mwaka mzima, na muuguzi mkuu wa upasuaji angeweza kulithibitisha. Tukaandika hivyo hivyo, bila asilimia. Ule mstari wa kazi nyingine yoyote nitakayopangiwa niliuondoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipomaliza nilisoma kurasa zote mbili kwa sauti. Wifi alikuwa anatazama sakafu. Nikamuuliza vipi. Akasema, ni kama unasoma habari za mtu mwingine, ila huyo mtu namjua. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia katika miaka kumi na mmoja ya kuchapa, na ningependa hadithi iishie hapo.

Lakini yeye alikuwa bado hajainuka. Akaniuliza Kimya nilimwandikia nini. Nikaona haya kumwambia. Nilimwambia. Hakunilaumu, alivaa viatu vyake tu, akaenda kumtafuta.

Jumatano nilishinda nikipiga simu. Wale saba wa asilimia thelathini, wanne walirudi, Kimya akiwa mmojawao. Nikawauliza kwa utaratibu: kitu gani kilikuwa kinasumbua, ulifanya nini, kabla ilikuwa ngapi, baada ya hapo ngapi, nani anaweza kulithibitisha. Mmoja alikuwa amepunguza mashine kuharibika kwa kusafisha kichujio kila jioni, na fundi alikuwa na kumbukumbu za matengenezo. Kwa mwingine hatukupata namba yoyote ya maana, tukaandika uzito wa nguo anazofua kwa zamu moja na tukaishia hapo, angalau ulikuwa ukweli. Kimya nilimwandikia: "Nilibuni mfumo wa alama za nyuzi za rangi kwa wodi tano na kushona alama hizo kwenye mashuka zaidi ya 600 ndani ya wiki tatu, upotevu ulishuka kutoka mashuka 58 hadi 19 katika miezi sita." Alisoma mara mbili. Akasema, "Ndiyo, ni mimi." Kwake hiyo ni hotuba.

Watatu waliobaki walikuwa wameshapeleka za thelathini. Mahojiano yalipofanyika, yule kijana mwenye tai alimuuliza wa kwanza wao, asilimia thelathini ya nini? Akajibu, ya kila kitu. Wa pili alipoingia na thelathini yake, wajumbe walitazamana. Wa tatu hawakumuuliza hata swali. Hao watatu bado wanapita mbele ya duka langu. Mmoja ananisalimia. Sijui ningefanya nini kama wote wangenisalimia.

Wifi aliingia na madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki. Alisema walimuuliza alivyohesabu, akawaonyesha. Walimuuliza kwa nini miezi sita na si mwaka, akasema mwaka wa kwanza alianza Januari lakini nyuzi zilishonwa Julai, hivyo alilinganisha Januari mpaka Juni kwa Januari mpaka Juni, ili misimu ya wagonjwa wengi isimdanganye. Hilo sikumfundisha mimi. Kijana mwenye tai aliomba kupiga picha zile kurasa kwa simu yake. Wifi akamruhusu. Kimya naye aliingia. Waliomsubiri nje wanasema alikaa ndani kwa dakika nne.

Matokeo yalitolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata, palepale dobi, mashine zikiwa zimezimwa ili watu wasikie. Wifi alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko. Nilipomwona mlangoni nilidhani amekosa. Hakuwa amebeba kitu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na safari hii hakuvua viatu. Nikamuuliza. Akasema amepata, wamempa na usimamizi wa zamu ya asubuhi. Nilipiga makofi. Nikamwambia nimpigie kaka yangu sasa hivi. Akanyoosha mkono, nisubiri.

Alinisimulia polepole. Yule kijana alisoma majina kwa mpangilio wa alama, la kwanza likiwa la wifi. Akasoma la pili, la tatu, la nne, la tano. Watu wakasubiri la sita. Akafunga faili. Akasema uongozi umepitia takwimu zilizoletwa na mmoja wa waombaji, takwimu nzuri sana, na zinaonyesha kwamba nguo zinazorudiwa zimepungua kwa zaidi ya nusu na hakuna tena muda unaopotea kutafuta mashuka. Kwa mzigo huo watu watano wanatosha. Nafasi ya sita imeondolewa. Kisha akamgeukia wifi mbele ya wote, akampongeza, na akawaomba wenzake wampigie makofi.

"Wakapiga?" nikauliza.

"Wawili."

Wa sita alikuwa nani, sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Kimya alikuwa amesimama karibu na mashine ya kupigia pasi, akisubiri jina lake. Aliposikia, alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Hakusema kitu, ila yeye huwa hasemi kitu, na kwa hiyo mtu hawezi kujua.

Nilianza kumwambia wifi yale ambayo mtu husema. Kwamba si kosa lake. Kwamba wale walikuwa wameshaamua, wangepata sababu nyingine. Kwamba daftari halifukuzi mtu kazi, watu ndio wanaofukuza. Kwamba asingeandika zile namba, angekuwa nje yeye mwenyewe, na kaka yangu naye. Yote hayo ni kweli, na nilikuwa nayaamini wakati nayasema.

"Najua, wifi," akasema. "Kesho nenda kamwambie na yeye."

Sikwenda. Nilitafuta sababu, kulikuwa na kazi nyingi, kulikuwa na mialiko ya harusi ya kuchapa. Badala yake nilifungua faili ya Kimya nikaifanyia kazi siku mbili bila kudai chochote. Nilimpigia fundi wa mashine, nilimpigia muuguzi wa wodi ya watoto, nikapata mambo mengine mawili aliyoyafanya ambayo hakuwa amemwambia mtu. Nikapanga vizuri, kila mstari na namba yake na mahali ilipotoka. Nikaandika na barua ya maombi kwa hoteli mbili na kwa zahanati ya ng'ambo ya barabara kuu. Sijawahi kuchapa wasifu bora kuliko ule, na sitegemei kuuchapa tena. Nikatuma ujumbe kwamba uko tayari, auchukue muda wowote, haulipiwi.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu nimtumie ujumbe ule. Wifi anapita kila Jumamosi akitoka zamu. Siku hizi anatoka akiwa amechelewa zaidi, maana watu watano wanatosha, kwa mujibu wa takwimu. Hakai tena kwenye kiti. Anasimama mlangoni, ananiuliza kama Kimya amekuja, namwambia bado. Anatikisa kichwa, ananiaga, anakwenda kupika.